Kidole Kinasoma 98, Mbona Ngazi Zinamshinda?

Tangu miaka ya korona, kile kidude cha kubana kidoleni kimeingia majumbani kama kilivyoingia kipimajoto zamani. Mtu akilalamika pumzi, kidude kinatolewa kabatini, kidole kinabanwa, na watu wote wanakodolea nambari. Ikitoka 98, mtu huambiwa alhamdulillahi, mapafu mazima, moyo mzima, hana kitu. Mwenyewe anabaki na swali lake: kama sina kitu, mbona nikifika ghorofa ya pili natweta kama nimefukuzwa?

Nitaeleza kwa kumfuata mtu mmoja ambaye nimemkusanya kutoka kwa wagonjwa kadhaa, kwa hiyo asije jirani akadhani anasemwa yeye. Ana miaka 53. Anakaa ghorofa ya nne kwenye yale majumba marefu ya Michenzani yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Karume, na kupanda na kushuka ni kwa ngazi. Amevuta sigara tangu ana miaka 21, kumi kwa siku, anazinunua moja moja dukani. Goti lake la kulia linamsumbua, na kila usiku anameza kidonge cha diklofenaki alichojiandikia mwenyewe. Mwaka uliopita alikuwa akipanda mpaka mlangoni kwake bila kusimama. Sasa anasimama ghorofa ya pili, anashika ukuta, anajifanya anasoma simu.

Barazani kila mtu ana jibu. Mmoja anasema hiyo pumu. Mwengine anasema moyo, maana mjomba wake alianza hivyo hivyo. Mkewe anasema damu imemwisha, mtazameni viganja vyake. Yeye mwenyewe anasema, "Utu uzima huu, na sigara. Nikipunguza kidogo itakwisha."

Jibu la utu uzima ndilo la kwanza la kuliweka pembeni. Ni kweli uwezo wa mwili hushuka na umri, lakini hushuka polepole mno, kiasi kwamba mtu haoni tofauti kati ya mwaka huu na mwaka jana. Mtu anayeweza kukwambia "Idi iliyopita nilikuwa napanda, Idi hii siwezi" amepata ugonjwa. Hajazeeka ghafla.

Pumzi kukata maana yake ni kuhisi kwamba hewa unayoivuta haikutoshi, au kwamba kupumua kumekuwa kazi. Hisia hii ni moja, lakini safari ya hewa ina vituo vitatu, na hitilafu ya kituo chochote huleta hisia ile ile. Chukulia oksijeni ni abiria. Mapafu ni stendi, ndipo abiria wanapopanda. Chembe nyekundu za damu ni daladala, na viti vyake ni kitu kinachoitwa hemoglobini. Moyo ndio unaozisukuma daladala zote zizunguke hadi mitaani, yaani kwenye misuli na viungo, kisha zirudi stendi kupakia upya. Ukiwa umekaa barazani, abiria ni wachache na hata magari mabovu yanatosha. Kupanda ngazi ni kama jioni ya sikukuu, watu wote wanataka kwenda Mnazi Mmoja kwa wakati mmoja. Upungufu ambao ulijificha wiki nzima huonekana siku hiyo. Ndiyo maana ngazi hugundua ugonjwa kabla ya kiti, na ndiyo maana mgonjwa aliyekaa mbele ya daktari, ameshapumzika nusu saa kwenye foleni, anaonekana mzima kabisa.

Sasa turudi kwenye kidude. Kinachofanya ni kupitisha mwanga kidoleni na kukadiria jambo moja: katika viti vilivyopo, asilimia ngapi vimekaliwa. Hakihesabu daladala ziko ngapi barabarani, wala hakijui zinazunguka kwa kasi gani. Ukiwa na daladala mia zimejaa, kitasoma 98. Ukiwa na sitini zimejaa, kitasoma 98 vile vile, ingawa mitaani kuna watu wengi wamekosa usafiri.

Tulipompima damu bwana huyu, hemoglobini yake ilikuwa gramu 9.1 katika kila mililita 100 za damu. Kwa mwanamme mzima, Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya 13 kuwa ni upungufu wa damu. Gramu moja ya hemoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Mtu mwenye 15 hubeba karibu mililita 20 za oksijeni katika kila mililita 100 za damu yake. Huyu mwenye 9.1 hubeba karibu 12. Amepoteza kiasi cha sehemu mbili katika tano za mzigo wake, niseme wazi zaidi, mililita nane katika kila ishirini, na kidole chake kinaendelea kusoma 98 bila haya.

Na kuna udanganyifu wa pili unaowahusu wavutaji hasa. Moshi wa sigara una gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hii hung'ang'ania viti vya hemoglobini kwa nguvu zinazozidi za oksijeni mara mia mbili na zaidi, kama mtu aliyelala usingizi kwenye kiti cha daladala, hateremki wala haachii mwengine akae. Mvutaji wa kila siku anaweza kuwa na viti vitano hadi kumi katika kila mia vilivyokaliwa na gesi hii. Kile kidude cha kawaida hakijui kutofautisha. Kinaona kiti kina mtu, kinahesabu.

Habari njema katika hili ni kwamba gesi yenyewe haikai siku nyingi. Ukiwa unapumua hewa ya kawaida, nusu yake hutoka kila baada ya saa nne au tano. Mvutaji anayefunga Ramadhani, ikifika magharibi, amebakiwa na kama sehemu moja ya nane ya aliyokuwa nayo alipovuta daku. Kisha anafuturu, anatoka nje, anawasha tatu mfululizo, na viti vinakaliwa upya. Wanaohamia shisha kwa kuamini maji yanachuja moshi wajue kwamba gesi hii hupita kwenye maji hayo, na makaa yanayochomwa juu huiongeza.

Basi mke alikuwa sahihi, damu imepungua. Hapo wengi wangefunga faili, wakampa vidonge vya damu, akaenda zake. Lakini mtu aliyevuta kwa miaka thalathini ana haki ya kuulizwa habari za vituo vyote vitatu hata kimoja kikishaonekana kibovu, kwa sababu kwa watu wa aina hii hitilafu hupenda kukaa mbili mbili.

Tuanze na mapafu. Madaktari hupima mzigo wa sigara kwa pakiti na miaka: pakiti moja ya sigara ishirini kila siku kwa mwaka mmoja ni moja. Huyu alivuta nusu pakiti kwa miaka 32, anapata 16. Yeye alikuwa akisema anavuta chache, na kwa siku moja ni chache kweli, ila mapafu huhesabu jumla. Ugonjwa tunaouogopa hapa ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Kwa wengi huanza na kikohozi cha asubuhi chenye makohozi, kile ambacho mvutaji hukizoea mpaka anakiita kikohozi changu.

Watu wengi hudhani mtu wa namna hii hawezi kuvuta hewa ndani. Tatizo kubwa ni kuitoa. Mapafu mazima yana unyumbufu kama mpira wa suruali mpya: ukiachia, yanarudi yenyewe na kusukuma hewa nje. Unyumbufu huo huo ndio unaovishikilia vijia vidogo vya hewa visiporomoke. Moshi wa miaka huulegeza mpira ule, huvunja kuta za vifuko vidogo vya hewa, na huvimbisha vijia na kuvijaza makohozi. Mtu akitoa pumzi, vijia vinafumba kabla hewa haijaisha.

Akiwa amekaa, anapumua mara kumi na tano kwa dakika, ana sekunde nne kwa kila pumzi, na hewa inapata nafasi ya kutoka taratibu. Akianza kupanda ngazi, pumzi zinafika thelathini kwa dakika, sekunde mbili tu kila moja. Anavuta nyengine kabla ya ile ya kwanza haijamalizika kutoka. Kwa kila daraja hewa iliyokwama inaongezeka, kifua kinatuna kama ndoo inayojazwa bila kumwagwa, mpaka hakuna pa kuingiza pumzi mpya. Ukimwona mtu amesimama kituoni ameshika magoti au ukuta, midomo ameifinya kama anayepuliza chai ya moto, mwili wake umejifundisha wenyewe. Kufinya midomo kunaweka shinikizo dogo linalozuia vijia visifumbe, hewa ikapata kutoka.

Ndiyo maana kipimo chenyewe ni cha kupuliza. Unajaza kifua, kisha unapuliza kwenye mrija kwa nguvu zako zote na kuendelea mpaka umalizike, si chini ya sekunde sita. Mashine inaangalia kiasi gani kilitoka katika sekunde ya kwanza. Mtu mzima mwenye mapafu mazima hutoa zaidi ya asilimia 70 ya hewa yake yote katika sekunde hiyo moja. Bwana wetu alitoa lita 3.4 kwa jumla, na katika sekunde ya kwanza lita 2.0 tu, yaani kama asilimia 59. Akavuta dawa ya kupanua vijia kwa pampu, akasubiri dakika kumi na tano, akapuliza tena. Ikapanda kidogo, haikufika 70. Hiyo ndiyo alama ya ugonjwa huu. Lau ingekuwa pumu, kwa kawaida ungeona inafunguka sana, tena angekuwa na historia ya kubanwa siku hii na kuwa mzima siku ile, mara nyingi tangu skuli. Huyu amekuwa akishuka polepole, kila mwezi chini kidogo ya mwezi uliopita.

Kipimo hiki hakipo kila kituo cha afya, na mtu asipokifanya vizuri jibu linaharibika: akipuliza kwa aibu, au midomo ikiachia hewa pembeni, nambari zinatoka za uongo. Kwa sababu hiyo watu hutegemea picha ya kifua. Picha ina kazi yake, nayo kubwa. Inatafuta kifua kikuu, uvimbe, maji pembeni mwa mapafu, moyo uliotanuka. Lakini ugonjwa huu unaweza kuwa umefika katikati na picha ikatoka safi. Ukitazama picha ya jahazi limetia nanga, huwezi kujua likitweka tanga litakwenda kwa kasi gani.

Moyo niliuacha wa tatu ingawa ndio wa kuogopwa zaidi, na mvutaji wa miaka hamsini na kitu yuko katikati ya kundi lake. Unaweza kuleta pumzi kukata kwa njia mbili. Ya kwanza ni pampu kuchoka: moyo umeshindwa kusukuma damu yote inayoufikia, damu inarudi nyuma kama maji kwenye mtaro uliozibwa, na majimaji yanavujia mapafuni. Huyu mtu hutweta akilala chali. Anaongeza mito, mmoja, miwili, mwisho analala amekaa kitini. Anaweza kuamka saa nane usiku anatafuta dirisha. Jioni miguu inavimba, ukibonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo pale mfupani, shimo linabaki.

Njia ya pili ni mishipa inayoulisha moyo wenyewe kuwa myembamba. Ukikaa, inatosha. Ukipanda ngazi, moyo unadai zaidi na mishipa haina. Wengi huhisi kubanwa katikati ya kifua, kwenda begani au tayani, na baada ya kusimama dakika chache hutulia. Lakini wapo, hasa wenye kisukari, wasiohisi maumivu yoyote. Wao dalili yao ni pumzi peke yake. Na hapa kuna dhana moja ninayoikuta kila mara: "Nilipimwa umeme wa moyo, wakasema sina kitu." Kipimo hicho kilifanywa ukiwa umelala kitandani umetulia. Mishipa iliyosinyaa inaweza kutoa karatasi nzuri kabisa mtu akiwa amelala. Kama dalili huja kwenye ngazi, daktari anahitaji kuujua moyo ukiwa kazini, au aupige picha ya mawimbi ya sauti aone unavyosukuma.

Bwana wetu alikuwa analala mto mmoja, miguu mikavu, presha 128 kwa 80, kifua hakikubani. Picha ya mawimbi ya sauti ilionesha moyo unasukuma vizuri. Mapigo yake tu yalikuwa 98 akiwa amekaa, na hilo lina maelezo yake. Daladala zikiwa chache, njia pekee ya kuhudumia mitaa ni kuziendesha mbio. Moyo ulikuwa unafidia upungufu wa damu. Kwa mtu ambaye mishipa ya moyo tayari ni myembamba, mbio hizo peke yake zinaweza kuleta maumivu ya kifua ambayo damu ikirudi yanapungua.

Linabaki swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: damu imekwenda wapi? Mwanamme hana hedhi wala mimba. Damu yake ikipungua, na chembe zikaonekana chini ya hadubini ni ndogo na zimepauka, maana yake madini ya chuma yameisha, na chuma cha mtu mzima huisha zaidi kwa kuvuja. Kwetu visiwani lazima uulize habari za mikojo ya damu, kwa sababu ya kichocho, na lazima upime choo kutafuta safura, minyoo wanaonyonya damu ukutani mwa utumbo. Pemba hasa safura imewahi kuwasumbua watoto wengi wa skuli. Lakini kwa mtu wa miaka 53 usiridhike na minyoo. Tumbo na utumbo mkubwa lazima vitazamwe kwa kamera, maana saratani ya huko inaweza kuvujisha damu matone matone kwa miezi bila maumivu.

Nilimuuliza, "Ami, choo chako kina rangi gani?" Akacheka kwa haya, akamtazama mkewe. Kisha akasema kuna siku kinakuwa cheusi, kinanata kama lami, alidhani ni pweza. Ni muhimu kuuliza kabla mtu hajaanza vidonge vya chuma, kwa sababu navyo hukifanya choo cheusi na ushahidi unapotea. Kamera ilikuta kidonda tumboni, na utumbo mkubwa ulikuwa safi. Diklofenaki ya goti, kila usiku kwa miaka miwili, ilikuwa inachimba, na sigara inafanya kidonda kisipone.

Juisi ya rozela alikuwa ameshakunywa lita nyingi. Haina ubaya, ila huwezi kujaza tangi lenye tundu kwa kikombe. Aliacha diklofenaki, akapewa dawa ya kupunguza asidi na ya kuua bakteria waliokutwa kwenye kidonda, na vidonge vya chuma. Wiki tatu za mwanzo damu ilipanda kidogo sana. Kumbe alikuwa anavimeza pamoja na chai ya rangi ya asubuhi, na chai hushika chuma kisiingie mwilini. Akaambiwa aitenganishe kwa saa mbili, na aendelee na vidonge kwa miezi mitatu baada ya damu kufika sawa, ili ghala nalo lijae.

Ipo sehemu isiyongoja miadi. Kifua kubana zaidi ya dakika kumi na tano na jasho la baridi, pumzi kukata ghafla huku mguu mmoja umevimba, kuzimia, kukohoa damu nyingi, au kushindwa kumaliza sentensi kwa kutweta, ni hospitali saa ile ile, usiku wa manane hata kama boti na gari ni taabu. Kikohozi kinachopita wiki mbili, au makohozi yenye michirizi ya damu, hakina dharura ya namna hiyo lakini kinataka kupimwa kifua kikuu na picha.

Sigara aliacha wiki ya sita, baada ya kurudi nyuma mara mbili. Alilalamika kwamba kikohozi kimezidi, akataka kuniaminisha kuwa sigara ndiyo iliyokuwa ikimtuliza. Hutokea: vinyweleo vinavyofagia makohozi, vilivyokuwa vimelemazwa na moshi, huamka na kuanza kazi, na kwa wiki kadhaa mtu hukohoa zaidi. Kuta za vifuko zilizovunjika hazijengeki tena. Kinachobadilika ni kasi ya kushuka, ambayo kwa aliyeacha hukaribia ile ya mtu asiyevuta.

Mwezi wa tatu hemoglobini ilikuwa 12.8. Anavuta pampu ya kupanua vijia asubuhi, anafinya midomo akipanda. Ghorofa ya pili anapita bila kusimama. Ghorofa ya tatu anasimama, kama nusu dakika, na safari hii hajifanyi anasoma simu. Kule kusimama kwa ghorofa ya pili kulikuwa kwa sababu ya damu, huku kwa tatu ni kwa sababu ya mapafu, na huku atabaki nako. Kidude cha kidoleni mkewe bado anakitoa kabatini kila Ijumaa. Kinasoma 98, kama kilivyosoma siku ya kwanza.